Safu ya Afya: Muhina na Dakika Kumi za Saa

Kiswahili kina neno moja kwa jambo ambalo wengi wetu hulieleza kwa maneno matatu. Kutokwa damu puani ni muhina. Neno limo kamusini, ila mitaani halisikiki sana, na huenda wanachama wengine wanakutana nalo leo kwa mara ya kwanza. Jambo lenyewe, hata hivyo, hakuna asiyelijua. Hapa Parramatta tunalijua zaidi mwezi wa Agosti, upepo mkavu wa magharibi unapovuma mchana na hita zinapokausha hewa ya vyumbani usiku. Asubuhi mto wa mtoto una doa jekundu, na simu zinaanza kupigwa: kwa shangazi, kwa bibi aliyeko Mombasa au Dodoma, kwa jirani.

Ushauri unaotoka katika simu hizo wengi tumelelewa nao. Mlaze chali. Muinue kichwa atazame dari. Mmwagie maji ya baridi utosini. Mbane hapa juu, kwenye mfupa. Umetolewa kwa mapenzi, lakini karibu wote unakosea mahali pamoja: haukuulizwa kwanza damu inatoka wapi. Ukilijua jibu la swali hilo, huduma ya kwanza inajieleza yenyewe, na utajua pia ni lini muhina umeacha kuwa jambo la nyumbani.

Damu inatoka wapi?

Weka ncha ya kidole chako kidogo ndani ya tundu la pua, kwenye ule ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto. Hapo ulipogusa, sentimita moja au mbili tu kutoka mlangoni, mishipa midogo kutoka ateri kadhaa inakutana na kusukana kama wavu. Daktari Mmarekani James Lawrence Little alilieleza eneo hilo mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach akalieleza tena mwaka 1884; hadi leo madaktari hulitaja kwa majina yao. Yapata tisa kati ya kila mihina kumi huanzia hapo.

Kwa nini hapo? Pua ina kazi ya kuipasha joto na kuitia unyevu hewa yote tunayoivuta, kwa hiyo inahitaji damu nyingi karibu kabisa na uso wa ngozi yake laini. Katika eneo hili ngozi hiyo ni nyembamba mno, na ndipo upepo mkavu unapoanza kugonga. Ikikauka hufanya ukoko, ukoko huwasha, mtoto huuchokonoa kwa kidole, na mshipa hufunguka. Mafua na mzio wa chavua hufanya kazi ileile, kwa sababu mtu hupenga na kusugua pua mara kwa mara. Hii ndiyo sababu muhina wa watoto kati ya miaka miwili na kumi, kwa sehemu kubwa, ni muhina wa mbele.

Upo pia muhina wa nyuma. Huo hutoka katika mishipa mikubwa zaidi, ndani kabisa, karibu na pale pua inapofungukia kooni. Ni nadra, na huwapata hasa watu wazima waliokwisha kuvuka miaka hamsini au sitini, wenye mishipa iliyokakamaa au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kidole hakiufikii. Dalili yake ni kwamba umebana pua vizuri, umeinama mbele, na bado damu inateremka kooni kwa wingi, au inatokea matundu yote mawili kwa pamoja. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, na hakuna haja ya kusubiri uone kama itakoma.

Saa tisa za usiku

Tuchukue mfano. Familia hii nimeitunga, lakini yote yanayotokea ndani yake hutokea majumbani.

Mtoto wa kike wa miaka saba anaamka saa tisa za usiku, damu inamtoka tundu la kushoto. Baba anamlaza chali. Damu haikomi; imebadili njia tu, sasa inateremka kooni na mtoto anaimeza. Baada ya muda anatapika damu nyeusi, kwa maana damu iliyomezwa huchafua tumbo, na hapo nyumba nzima inaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kulala chali kumefanya mabaya mawili: kumemtapisha mtoto, na kumeficha ni damu kiasi gani iliyotoka. Kwa mtu aliyelewa au aliyepoteza fahamu kuna la tatu, kwamba damu inaweza kuingia njia ya hewa.

Sasa turudishe saa nyuma na tufanye inavyopasa.

Baba anamketisha mtoto mapajani, mgongo wima, kichwa kimeinama mbele kidogo kama mtu anayesoma kitabu. Anaweka bakuli chini ya kidevu. Kwa kidole gumba na cha shahada anabana sehemu laini ya pua, yote, chini ya mfupa, mpaka matundu yote mawili yamefungika. Mtoto anapumua kwa mdomo na anatema kinachofika mdomoni badala ya kukimeza. Mama anatazama saa ya ukutani.

Kubana mfupa hakusaidii, kwa sababu mfupa haubonyei na mshipa unaovuja uko chini yake. Ukibana sehemu laini, vidole vyako vinaukandamiza ule wavu wa mishipa moja kwa moja. Ni kama kuziba tundu la mpira wa maji pale pale lilipo.

Halafu zinakuja dakika kumi, na hapa ndipo wengi hushindwa. Dakika kumi za saa, si za kukisia. Dakika tatu za kubana pua ya mtoto anayelia huonekana kama nusu saa, na mkono unataka kuachia upate kuchungulia. Usichungulie. Damu inapokutana na jeraha, chembe zake za kugandisha hurundikana mlangoni mwa mshipa, kisha nyuzinyuzi za protini huzishika pamoja zikawa kizibo. Kizibo kichanga ni laini kama uji. Ukiachia dakika ya pili kutazama, umeking'oa, na unaanza upya. Wengi wanaosema "nilibana haikukoma" walibana mara tano kwa dakika mbili mbili.

Kitambaa cha baridi shingoni au kipande cha barafu cha kunyonya si vibaya. Angalau vinamtuliza mtoto. Lakini visichukue nafasi ya vidole. Pamba na karatasi za chooni usizisokomeze puani: unapozitoa zinaondoka na kizibo.

Zikitimia kumi, achia polepole. Kama bado inatoka, bana kumi nyingine. Kama baada ya dakika ishirini za kubana sawasawa damu bado inatiririka, nenda hospitali, huku ukiendelea kubana njiani. Sisi wa Parramatta tunayo Hospitali ya Watoto ya Westmead jirani, na Hospitali ya Westmead ya watu wazima kando yake. Piga 000 bila kungoja dakika hizo kama damu ni nyingi mno, mgonjwa anapata shida kupumua, amepauka, anaona kizunguzungu au anazimia, au kama muhina umeanza baada ya kuanguka na kuumia kichwa.

Ikikoma, kazi haijaisha. Kizibo kinahitaji muda kukomaa. Kwa saa kumi na mbili hivi asipenge, asichokonoe, asiruke wala kubeba vizito, na asinywe chai ya moto sana. Kuanzia siku inayofuata, paka vaselini kiasi cha punje ya mchele ndani ya mlango wa kila tundu, upande wa ule ukuta wa kati, asubuhi na usiku, kwa wiki mbili, kisha bana pua taratibu ili isambae. Kata kucha za mtoto. Watoto wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Mtu mzima

Kwa mtu mzima hatua ni zilezile, ila kuna mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza ni dawa. Mjomba anayetumia warfarini, apiksabani, au hata aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, kizibo chake huchelewa kufungamana. Akitokwa damu, abane kama wengine, lakini asiwe mvumilivu wa kupita kiasi: aende hospitali mapema na achukue orodha ya dawa zake. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Muhina unaweza kudhibitiwa; damu iliyoganda ubongoni kwa sababu dawa iliachwa ni jambo jingine.

La pili ni presha. Wazee wetu husema muhina ni presha inayotafuta pa kutokea. Ni kweli kwamba mtu mzima anayevuja damu akipimwa presha hukutwa iko juu, lakini mara nyingi ni hofu ndiyo iliyoipandisha. Presha ya juu inaweza kuifanya damu iliyokwisha kuanza iwe ngumu kukoma, na kwa miaka mingi huiharibu mishipa. Kwa hiyo apimwe tena siku nyingine akiwa ametulia. Ikibaki juu, basi muhina umemfanyia hisani kwa kumwonyesha ugonjwa aliokuwa nao bila kujua. Lakini asidhani kwamba ametibiwa kwa kutoka damu.

Daftari la jikoni

Turudi kwa yule mtoto wa miaka saba. Baada ya usiku ule mama alianza kuandika katika daftari: tarehe, tundu gani, dakika ngapi za kubana mpaka ikome. Vaselini ilipakwa wiki mbili. Wiki ya nne daftari lilikuwa na mistari sita. Yote tundu la kushoto kisha la kulia kwa kupokezana. Mara mbili ilipita dakika ishirini.

Daktari wa familia alipolisoma alimtazama mtoto puani kwa tochi. Angeona mshipa mmoja uliotokeza, huenda angempeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo auchome kwa nitreti ya fedha, jambo la dakika chache. Lakini yeye aliweka tochi chini na kuuliza maswali ambayo hayakuhusu pua. Je, mtoto anapata vilia vya damu mwilini bila kugongwa? Ufizi unatoka damu anapopiga mswaki? Jino lilipong'oka, damu ilichukua muda gani? Kisha akamgeukia mama: hedhi yako ikoje? Mama akasema ni nzito tangu usichana, siku nane au tisa, na kwao wanawake wote wako hivyo.

Familia ilikuwa imelichukulia hilo kuwa desturi ya ukoo. Daktari alilichukua kuwa dalili. Aliagiza kipimo cha hesabu ya chembe za damu, kipimo cha akiba ya madini ya chuma, vipimo vya kuganda kwa damu, na kipimo cha protini iitwayo kigezo cha von Willebrand. Protini hii ndiyo inayozinasa chembe za kugandisha na kuzigandamiza kwenye mshipa uliokatika. Ikiwa chache au ina kasoro, kizibo hakishiki vizuri, na mahali pa kwanza pa kuonekana huwa ni zile ngozi laini: pua, ufizi, tumbo la uzazi. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi unaopatikana zaidi kuliko mingine yote ya jamii yake. Huwapata wanaume na wanawake, lakini wanawake huonekana zaidi kwa sababu ya hedhi na uzazi.

Jina limetokana na Erik von Willebrand, daktari wa Kifini aliyeandika juu yake mwaka 1926. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa binti wa miaka mitano kutoka visiwa vya Åland, katika ukoo ambao wengi walikuwa wakitokwa damu puani, na ndugu zake kadhaa walikuwa wamekwisha kufa kwa kuvuja damu. Binti huyo mwenyewe alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu, katika hedhi. Siku hizi hakuna haja ya kifo hicho. Zipo dawa za kuiamsha protini hiyo au kuilinda damu iliyoganda, na kubwa zaidi ni kujua mapema: mgonjwa hapewi aspirini wala ibuprofeni ovyo, na daktari wa meno au mkunga huambiwa kabla ya kushika chombo.

Si kila mtoto mwenye mistari sita daftarini ana ugonjwa huu, wengi hawana. Lakini daftari ndilo lililoyaleta maswali. Daktari akiambiwa "anatokwa damu mara kwa mara", hana cha kushika. Akiambiwa tarehe, tundu na dakika, anaweza kuamua.

Daftari hilohilo hufichua jambo jingine, iwapo tundu ni lilelile kila mara. Mtoto mdogo anayetoka damu upande mmoja tu, na usaha unaonuka, huenda ameingiza kitu puani: shanga, punje ya mahindi, kipande cha sifongo. Kikiwa ni betri bapa ya saa au ya kidude cha kuchezea, ni dharura ya saa ileile, kwa maana huchoma na inaweza kutoboa ukuta wa pua katika muda wa saa chache. Kijana wa kiume aliyebalehe, mwenye pua iliyoziba upande mmoja na mihina mizito, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa nyuma ya pua. Mtu mzima mwenye muhina wa upande mmoja pamoja na kuziba kusikokwisha, sikio lililopoteza usikivu, au uvimbe shingoni, achunguzwe saratani bila kuahirisha. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili, hata akitoka damu mara moja tu, apelekwe kwa daktari, kwa sababu katika umri huo muhina si kawaida.

Pua inaposema kwa niaba ya mwili

Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walifika kituo cha afya wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu mkubwa, na damu puani. Vipimo vya Ebola na Marburg vilirudi bila kuonyesha kitu. Baada ya uchunguzi zaidi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni leptospirosisi, ambayo Watanzania tangu hapo wameijua kwa jina la homa ya mgunda. Wagonjwa waliotajwa walikuwa ishirini, na watatu kati yao walikuwa wamekufa.

Bakteria wake hukaa katika mkojo wa wanyama, panya hasa, na humwingia mtu kupitia maji au udongo uliochafuka, penye mkwaruzo wa ngozi au kwenye macho, pua na mdomo. Wakisambaa mwilini huidhuru mishipa midogo kila mahali, na chembe za kugandisha zinaweza kupungua. Damu hutokea puani kwa kuwa ndipo mishipa ilipo karibu na nje kuliko pengine. Kubana pua ya mgonjwa wa Ruangwa kungeweza kuzuia damu. Kusingegusa ugonjwa, ambao unahitaji antibiotiki, na mapema.

Hilo linatuhusu sisi tunaokwenda nyumbani likizo ya Desemba na kurudi Februari. Homa pamoja na muhina ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza ya kumwambia ni kwamba umetoka Afrika Mashariki, wapi hasa, na tarehe gani. Daktari wa hapa asiyeambiwa atafikiria mafua ya Sydney. Dengi na homa nyingine za virusi huweza kufanya vivyo hivyo. Na hata bila safari, muhina unaoambatana na vilia mwilini, vidoa vyekundu vidogo kama vichwa vya pini, kupauka au kukonda, unataka kipimo cha damu bila kukawia.

Kwa wenye wazazi wasiojiamini kwa Kiingereza: muuguzi wa Healthdirect anapatikana saa zote kwa 1800 022 222, na huduma ya wakalimani ya serikali, TIS, ni 131 450, omba mkalimani wa Kiswahili. Na mkalimani akikwama kwenye neno muhina, mwambie tu: damu puani, tangu saa ngapi, tundu lipi, tumebana dakika ngapi.